Kuripoti MAPE kwenye makala ya kulinganisha modeli za utabiri, hatua kwa hatua

Kuna data ambazo karibu kila aliyesoma utabiri amezigusa: idadi ya abiria wa ndege za kimataifa kwa kila mwezi, kuanzia Januari 1949 hadi Desemba 1960. Ni namba 144, zikihesabiwa kwa maelfu. George Box na Gwilym Jenkins walizitumia kwenye kitabu chao cha mwaka 1970, na leo ukifungua programu ya takwimu ya R ukaandika `AirPassengers` unazikuta tayari zimo. Nazitumia hapa kwa sababu msomaji yeyote anaweza kurudia kila hesabu nitakayoifanya, hata kwa kalamu na karatasi.

Tuseme Desemba 1959 imekwisha na unataka kutabiri miezi 12 ya 1960. Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua namba za mwaka uliopita kama zilivyo. Januari 1959 walikuwa 360, basi Januari 1960 unasema watakuwa 360. Njia hii nitaiita Mwaka Jana. Abiria halisi wa Januari 1960 walikuwa 417, kwa hiyo umekosea kwa 57. Februari umekosea kwa 49, Machi kwa 13, Aprili kwa 65, na hivyo hivyo mpaka Desemba. Katika miezi yote 12 utabiri ulikuwa chini ya hali halisi.

Sasa tafuta MAPE, yaani wastani wa makosa kwa asilimia. Kila kosa unaliondolea alama ya hasi, unaligawa kwa thamani halisi ya mwezi wake, kisha unatafuta wastani wa hizo sehemu na kuzidisha kwa 100:

```
MAPE = (100/n) × Σ |y - f| / |y|
```

Hapo `y` ni thamani halisi, `f` ni utabiri, na `n` ni idadi ya vipindi vilivyotabiriwa. Kwa njia ya Mwaka Jana jibu ni asilimia 9.99.

Makala nyingi hunukuu mizani ya Lewis ya mwaka 1982, inayosema MAPE iliyo chini ya asilimia 10 ni utabiri sahihi sana, 10 hadi 20 ni mzuri, 20 hadi 50 ni wa kuridhisha, na zaidi ya 50 si sahihi. Kwa mizani hiyo, utabiri ambao haukufanya lolote zaidi ya kunakili mwaka uliopita, na ukapungukiwa kila mwezi bila kukosa, unapewa daraja la juu kabisa. Namba 9.99 imekokotolewa vizuri. Shida ni kwamba imesimama peke yake, na namba ya kosa iliyosimama peke yake haimwambii msomaji kama modeli ni nzuri. Hatua zinazofuata ni za kuipa namba hiyo wenzake inaowahitaji kabla haijaingia kwenye jedwali la makala yako.

Hatua ya 1: Sema namba imetoka wapi kabla ya kuitaja

Kwenye sehemu ya mbinu, kabla ya jedwali lolote, andika mambo manne kwa sentensi za kawaida: data za kufunzia modeli zinaanzia na kuishia lini, data za kupimia zinaanzia na kuishia lini, unatabiri vipindi vingapi mbele, na kama modeli ilikuwa inapewa data mpya kila baada ya mwezi au iliachwa itabiri miezi yote kwa mkupuo mmoja.

Jambo la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloharibu ulinganisho mwingi. Kutabiri Desemba 1960 ukiwa umesimama Desemba 1959 ni kazi tofauti kabisa na kuitabiri ukiwa umeshaona namba ya Novemba 1960. Ya pili ni rahisi zaidi. Nimehakiki makala ambazo modeli ya takwimu ya ARIMA ilitakiwa kutabiri miezi 12 kwa mkupuo, huku mtandao wa neva ukitabiri mwezi mmoja mmoja na kulishwa thamani halisi ya mwezi uliopita kila mara. Mtandao wa neva ukashinda kwa mbali, lakini modeli hizo mbili hazikufanya mtihani mmoja. Mwandishi hakuwa na nia mbaya. Msimbo aliokuta mtandaoni ulipangwa hivyo, naye akaripoti kilichotoka.

Ukitaka kujua kama jambo hili limekutokea, angalia makosa kwa kufuata mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu hadi wa mwisho. Modeli inayotabiri kwa mkupuo mmoja kwa kawaida hukosea zaidi kadiri inavyokwenda mbele. Kama makosa ya modeli moja yanakua na ya nyingine yamelala sawa mwanzo hadi mwisho, rudi kwenye msimbo uone hiyo ya pili inalishwa nini.

Kosa lingine la aina hiyo ni kuchukua makosa ya modeli moja kwenye data za kufunzia na ya nyingine kwenye data za kupimia. Programu nyingi huchapisha yote mawili kwa safu zilizofuatana, na jicho likichoka linachukua safu isiyo yake. Kwenye jedwali la matokeo weka makosa ya data za kupimia tu. Kama ni lazima uonyeshe ya mafunzo, yape jedwali lake.

Hatua ya 2: Rudisha utabiri kwenye kipimo chake cha asili

Data za abiria hupanda kadiri miaka inavyokwenda, na mawimbi ya msimu nayo hutanuka. Kwa sababu hiyo watu wengi huzigeuza kuwa logi kabla ya kufunza modeli, na ni uamuzi mzuri. Lakini ukishatabiri lazima urudi kwenye abiria ndipo ukokotoe makosa.

Hebu tuone kinachotokea usiporudi. Logi asilia ya 417 ni 6.03 na ya 360 ni 5.89. Tofauti ni 0.147, na ukiigawa kwa 6.03 unapata asilimia 2.4 tu, wakati kosa la Januari kwa abiria halisi lilikuwa asilimia 13.7. Nikifanya hivyo kwa miezi yote 12, utabiri uleule wa Mwaka Jana, bila kubadilisha chochote ndani yake, unashuka kutoka MAPE ya asilimia 9.99 hadi asilimia 1.72. Kosa langu la kwanza kama mwandishi lilikuwa hili hili: niliripoti MAPE ya logi, mhakiki akauliza swali moja tu kuhusu kipimo, na sehemu nzima ya matokeo ikabidi iandikwe upya.

Kwa wanaobana data ziwe kati ya 0 na 1 kabla ya kufunza mtandao wa neva, athari inakwenda upande mwingine. Thamani ndogo kuliko zote inakuwa 0 na zinazoikaribia zinakuwa ndogo mno, na kwa kuwa MAPE inagawa kwa thamani halisi, namba inaweza kulipuka. Ukiona MAPE yenye tarakimu nyingi isivyo kawaida kutoka kwenye `scikit-learn`, maktaba ya Python, mara nyingi sababu ni sifuri kwenye thamani halisi: maktaba hiyo haikatai kugawa, inatumia namba ndogo sana mahali pa sifuri.

Nikiwa bado kwenye programu, kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, `mean_absolute_percentage_error` ya `scikit-learn` inatoa sehemu, si asilimia. Ikikupa 0.0999 maana yake ni asilimia 9.99. Nimeona jedwali ambalo modeli moja imeandikwa 0.08 na nyingine 7.4 kwenye safu wima moja. Pili, MAPE inajali mpangilio. Kwenye `scikit-learn` thamani halisi hutangulia, na kwenye `accuracy()` ya kifurushi cha `forecast` cha R utabiri ndio hutangulia. Ukivigeuza kwa bahati mbaya unagawa kwa utabiri badala ya thamani halisi, na Mwaka Jana inapata 11.23 badala ya 9.99. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Kwa hiyo kokotoa angalau mwezi mmoja kwa mkono: Januari ni 57 gawa kwa 417, sawa na asilimia 13.67. Kama programu yako haikubaliani nawe kwenye mwezi mmoja, usiiamini kwenye 12.

Hatua ya 3: Weka modeli ya msingi kwenye jedwali lilelile

Modeli ya msingi ni ile ambayo mtu asiye na utaalamu wowote angeitumia. Kwa data zenye msimu, Mwaka Jana inafaa. Modeli yako ikishindwa kuipita, hakuna makala hapo, na ni heri ulijue mapema kabla mhakiki hajakuambia.

Kwa mfano wetu nitaongeza njia ya pili, niiite Ukuaji. Abiria wote wa 1958 walikuwa 4,572 na wa 1959 walikuwa 5,140. Idadi imepanda kwa asilimia 12.4. Basi kila mwezi wa 1959 nauzidisha kwa kiwango hicho kupata utabiri wa 1960. Hii nayo ni njia nyepesi, lakini inatosha kuonyesha jinsi ulinganisho unavyokwenda, na mtu anaweza kuiweka mahali pa ARIMA au modeli yoyote aliyoitengeneza.

```python
import numpy as np
y59 = np.array([360,342,406,396,420,472,548,559,463,407,362,405])
y60 = np.array([417,391,419,461,472,535,622,606,508,461,390,432])
f = y59 * 5140 / 4572
e = y60 - f
print(e.mean(), abs(e).mean(), (e**2).mean()**0.5)
print(100 * (abs(e) / y60).mean())
```

MAPE ya Ukuaji ni asilimia 2.95. Mbele ya 9.99 inaonekana ushindi mkubwa. Usiandike hitimisho bado.

Hatua ya 4: Ongeza vipimo vinavyosema kile ambacho MAPE haisemi

Huhitaji vipimo nane. Jedwali lenye safu wima nane za makosa linamchosha msomaji na kumpa mwandishi nafasi ya kuchagua ile inayompendelea. Vitatu pamoja na MAPE vinatosha.

Cha kwanza ni wastani wa makosa pamoja na alama zake, ME. Hiki kinaonyesha upande ambao utabiri umeegemea. Kwa Mwaka Jana ni +47.83, na wastani wa makosa bila alama, MAE, nao ni 47.83. Namba hizo mbili zikilingana, maana yake kila kosa lilikuwa upande mmoja. Jambo nililolisema mwanzoni, kwamba utabiri ulipungukiwa miezi yote 12, msomaji analiona hapo bila kuonyeshwa mchoro. Ukuaji ina ME ya −5.38 na MAE ya 13.43, yaani inazidisha kidogo, lakini makosa yake yako pande zote mbili.

MAE yenyewe ni kipimo cha pili, nacho kina faida ya kuwa katika kizio cha data. Kusema umekosea kwa wastani wa abiria 13,430 kwa mwezi kunaeleweka na meneja wa uwanja wa ndege hata kama hajawahi kusikia neno MAPE.

Cha tatu ni RMSE. Hapa makosa hupigwa mraba kwanza, ukatafutwa wastani, kisha kipeuo cha pili. Kwa kuwa mraba hukuza makosa makubwa, RMSE ikiizidi MAE kwa mbali ujue kuna mwezi au miezi michache iliyokosewa vibaya. Mwaka Jana ina RMSE ya 50.71, karibu sawa na MAE yake. Ukuaji ina 16.84 dhidi ya MAE ya 13.43. Pengo hilo, likipimwa kwa ukubwa wa makosa yenyewe, linatosha kukufanya ufungue makosa uyaangalie moja moja.

Ukiyafungua unaona Machi. Ukuaji ilitabiri 456 na abiria halisi wakawa 419, kosa la −37. Mwezi huo mmoja unabeba asilimia 41 ya jumla ya makosa yaliyopigwa mraba. Mwezi unaofuata, Aprili, kosa linageuka kuwa +16. Kwa nini Machi izidishwe na Aprili ipunjwe? Tazama kalenda. Mwaka 1959 Pasaka ilikuwa tarehe 29 Machi, na mwaka 1960 ilikuwa tarehe 17 Aprili. Wasafiri wa Pasaka walihama mwezi, na njia inayonakili Machi iliyopita ikawasubiri mahali ambapo hawakuwapo tena. Wenzetu wanaofanyia kazi data za mauzo ya vyakula Zanzibar au Mombasa watakutana na jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa Ramadhani na Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida.

Maelezo ya namna hii yaandike kwenye makala, sentensi mbili au tatu tu. Yana thamani kubwa kuliko safu wima nyingine ya vipimo, kwa sababu yanamwambia anayekuja baada yako kipi cha kurekebisha.

Hatua ya 5: Sogeza mahali pa kuanzia kutabiri

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyobadilisha namna ninavyosoma makala za wenzangu. Mpaka sasa tumepima mwaka mmoja tu. Turudi nyuma. Jifanye umesimama Desemba 1958, utabiri 1959 kwa njia zote mbili ukitumia data zilizokuwapo hadi siku hiyo tu. Kisha jifanye umesimama Desemba 1957, utabiri 1958. Matokeo ya MAPE kwa asilimia ni haya:

| Mwaka uliotabiriwa | Mwaka Jana | Ukuaji |
|---|---|---|
| 1958 | 3.14 | 8.72 |
| 1959 | 11.06 | 8.02 |
| 1960 | 9.99 | 2.95 |
| Wastani | 8.06 | 6.56 |

Tazama safu ya 1958. Njia iliyoshindwa vibaya mwaka 1960 inashinda kwa mbali mwaka 1958. Sababu inaonekana kwenye jumla za mwaka: kati ya 1956 na 1957 abiria walipanda kwa asilimia 12.2, na Ukuaji ikadhani mwendo huo utaendelea. Badala yake, mwaka 1958 walipanda kwa asilimia 3.4 tu. Miezi yote 12 ya 1958 Ukuaji ilitabiri zaidi ya kilichotokea. Mwaka uliofuata ikafanya kosa la kinyume: ilidhani ongezeko dogo litaendelea, abiria wakapanda kwa asilimia 12.4, ikapungukiwa miezi yote. Na 1960 iling'aa kwa sababu ongezeko la mwaka huo, asilimia 11.2, lilitokea kuwa jirani na la mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo mwandishi aliyeipima 1960 peke yake angesema Ukuaji inapunguza MAPE kwa zaidi ya theluthi mbili. Aliyeipima 1958 peke yake angesema Ukuaji inaharibu. Wote wawili wangekuwa na hesabu sahihi. Kwa miaka mitatu kwa pamoja tunaweza kusema tu kwamba Ukuaji ilikuwa na wastani mdogo wa kosa, 6.56 dhidi ya 8.06, kwamba ilishinda miaka miwili kati ya mitatu, na kwamba inategemea ongezeko la mwaka jana kufanana na la mwaka huu. Hilo la tatu ndilo matokeo yenyewe.

Ukiwa na data za kutosha, sogeza mara nyingi zaidi ya tatu, hata kila mwezi. Kila unaposogeza, modeli ifunzwe upya kwa data zilizokuwapo hadi hapo, na vigezo vyake vichaguliwe hapohapo. Ukivichagua mara moja kwa kutumia data zote kisha ukarudi nyuma kupima, modeli imeshaona majibu.

Hapa pia ndipo mahali pa jaribio la Diebold na Mariano, lililochapishwa mwaka 1995, ambalo huuliza kama tofauti ya makosa ya modeli mbili inazidi ile inayoweza kutokea kwa bahati. Wahakiki wengi wanalitaka. Lakini usilifanye kwa makosa 12 yaliyotoka kwenye mkupuo mmoja. Makosa hayo yanafuatana na kufanana, kama tulivyoona kwa mwaka 1958 ambapo yote yalikuwa upande mmoja, na ni kama una ushahidi mmoja ulioandikwa mara 12. Sogeza mahali pa kuanzia mara nyingi kwanza, lifanye kwa kila umbali wa utabiri peke yake, na kama sampuli ni ndogo tumia marekebisho ya Harvey, Leybourne na Newbold ya 1997.

Hatua ya 6: Jiulize kama MAPE inafaa data zako kabisa

Abiria wa ndege walikuwa mamia ya maelfu kila mwezi, kwa hiyo kugawa kwa thamani halisi hakukuleta shida. Chukua sasa mvua ya Dodoma, ambako kuna msimu mmoja wa mvua, na katikati ya mwaka ni miezi mikavu kabisa. Mwezi wenye mvua 0 unafanya MAPE isikokotoleke. Mwezi wenye milimita 2 ukitabiriwa 12, kosa ni asilimia 500, ingawa milimita 10 hazimbadilishii mkulima chochote. Mwezi wa Januari wenye milimita 130 ukitabiriwa 90, kosa ni asilimia 31 tu, ingawa hapo mkulima amedanganywa kwa milimita 40. Wastani wa namba hizo utatawaliwa na miezi mikavu isiyo na maana. Kufuta miezi yenye sifuri ili MAPE ipatikane si suluhisho, kwa sababu unapima modeli kwenye miezi uliyoichagua wewe.

Joto nalo lina tatizo lake. Nyuzi 25 za Selsiasi ukizitabiri 27 ni kosa la asilimia 8. Joto hilohilo kwa Farenhaiti ni 77 na utabiri ni 80.6, kosa la asilimia 4.7. Hewa ni ileile na kosa ni lilelile, ila sifuri ya vipimo hivyo imewekwa mahali tofauti. Pale ambapo sifuri haina maana ya kutokuwapo kwa kitu, MAPE isitumike.

Hata data zikiwa salama, kumbuka MAPE haitendi haki sawa kwa pande mbili. Ukitabiri 100 ikatokea 150, kosa ni asilimia 33. Ukitabiri 150 ikatokea 100, kosa ni asilimia 50. Utabiri usio hasi, ukiwa chini ya hali halisi, hauwezi kamwe kuzidi kosa la asilimia 100, ila ukiwa juu hauna kikomo. Modeli ikichaguliwa kwa MAPE peke yake, inayotabiri chini chini inapata upendeleo. Ndiyo maana nasisitiza ME iwe kwenye jedwali.

Mbadala unaokubalika zaidi kwa data za namna hii ni MASE, waliyoipendekeza Hyndman na Koehler mwaka 2006. Unachukua MAE ya modeli yako na kuigawa kwa MAE ya njia ya Mwaka Jana kwenye data za kufunzia. Kwa abiria wa 1949 hadi 1959 kigawanyo hicho ni 30.45. Basi kwa mwaka 1960 Ukuaji ina MASE ya 0.44, na Mwaka Jana 1.57. Wengine hushangaa: inakuwaje Mwaka Jana isipate 1 wakati kigawanyo ni chake mwenyewe? Ni kwa sababu kigawanyo kimetoka miaka ya mwanzo, wakati abiria walikuwa wachache na ongezeko lao dogo, na kosa limetoka 1960. Kwa hiyo usiseme modeli imeshindwa na ya msingi kwa kuona tu MASE inazidi 1. Linganisha na MASE ya modeli ya msingi kwenye kipindi kilekile cha kupimia.

Kama utatumia sMAPE, aina ya MAPE inayojaribu kusawazisha pande hizo mbili, andika fomula yake kwenye makala. Kuna matoleo kadhaa yanayotembea kwa jina hilohilo, na moja linaweza kutoa nusu ya lingine.

Hatua ya 7: Andika jedwali na aya yake

Jedwali la mwaka 1960 linakuwa fupi hivi, modeli ya msingi ikiwa juu:

| Modeli | ME | MAE | RMSE | MAPE (%) | MASE |
|---|---|---|---|---|---|
| Mwaka Jana | 47.83 | 47.83 | 50.71 | 9.99 | 1.57 |
| Ukuaji | −5.38 | 13.43 | 16.84 | 2.95 | 0.44 |

Chini yake, au kwenye kichwa cha jedwali, taja kizio, kipindi, na namna kosa lilivyofafanuliwa, maana wapo wanaotoa utabiri kwenye thamani halisi na wapo wanaofanya kinyume, na ME hubadilika alama. Desimali mbili zinatosha. Nimeona MAPE yenye desimali sita kutoka kwenye vipindi 12. Tarakimu hizo hazibebi chochote.

Aya ya kueleza matokeo inaweza kuandikwa hivi:

"Makosa yamekokotolewa kwa abiria halisi (maelfu), kosa likiwa thamani halisi kutoa utabiri, kwa utabiri wa miezi 12 kwa mkupuo mmoja bila modeli kupewa data mpya katikati. Kwa mwaka 1960 Ukuaji ilikuwa na MAPE ya asilimia 2.95 dhidi ya 9.99 ya Mwaka Jana. Ubora huo haukudumu kwa miaka yote: mwaka 1958, ongezeko la abiria lilipopungua, MAPE ya Ukuaji ilikuwa asilimia 8.72 na ya Mwaka Jana 3.14. Kwa wastani wa miaka mitatu zilikuwa 6.56 na 8.06. Kosa kubwa zaidi la Ukuaji kwa 1960 lilitokea Machi, kwa kuwa Pasaka ya 1959 ilikuwa Machi na ya 1960 ilikuwa Aprili."

Kisha, pamoja na makala, toa faili lenye safu wima tano: jina la modeli, tarehe ya kuanzia kutabiri, mwezi uliotabiriwa, thamani halisi, na utabiri. Kwa mfano wetu ni mistari 36 kwa kila modeli. Mhakiki anayetaka kipimo ambacho hukukitumia atakikokotoa mwenyewe kwa dakika chache, na hatakuwa na sababu ya kukurudishia makala ili uongeze safu wima moja.